Chandarua Kimoja, Maswali Matatu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa mradi wa vyandarua wilayani Bagamoyo walitaka kujua wazazi hufanya nini mtoto anaposhikwa na malaria kali. Njia ya haraka ilikuwa kuchapa dodoso na kupita nyumba kwa nyumba: je, mwaka huu mtoto wako aliugua malaria, na ulimpeleka wapi? Wangerudi na majibu mamia, yamejazwa vizuri kabisa, na yangewapotosha ingawa hakuna mzazi hata mmoja aliyedanganya.

Sababu ni kwamba kwa wazazi wengi wa pale homa ya malaria ilikuwa maradhi ya kawaida, ya kumeza vidonge na kupona. Mtoto aliyekakamaa mwili, akageuza macho na kuanza kutetemeka, hakuhesabiwa kuwa na malaria. Huyo alikuwa na degedege, na degedege lilitajwa kuwa jambo la mashetani, tiba yake ikawa kwa mganga. Tena ilihofiwa kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa, kwa hiyo kumkimbiza hospitali kulionekana kumhatarisha. Daktari akimwona mtoto huyohuyo angesema ni malaria kali iliyofika kichwani. Haya yalijulikana kwa sababu watafiti walianza kwa kukaa na watu, kuwasikiliza na kuwaacha wayaite maradhi kwa majina yao, kabla ya kuhesabu chochote. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996, na mpaka leo ni mfano mzuri wa kuwaonyesha wanaojiandaa kuandika pendekezo la utafiti.

Katika kila pendekezo kuna sehemu inayoitwa usanifu wa utafiti. Hapo mwandishi anatakiwa aseme atautafuta ukweli kwa njia ya namna gani, na kwa kawaida anachagua moja kati ya tatu. Usanifu wa kichunguzi ni wa jambo lisilofahamika vizuri, ambalo hata maswali yake bado hatuyajui. Usanifu wa kimaelezo ni wa kupima na kueleza hali ilivyo: ni wangapi, ni akina nani, wako wapi, lini. Usanifu wa kisababishi unauliza kama jambo moja ndilo linaloleta jingine. Vitabu vingi vya mbinu za utafiti vinaeleza hivyo, na wanafunzi wengi wanaweza kukariri maana hizo wakiwa usingizini. Kinachowashinda ni kuoanisha usanifu na tatizo walilolitaja wenyewe kurasa chache nyuma.

Tuchukue pendekezo la kutunga, lakini la aina ambayo msimamizi yeyote wa utafiti ameshaikuta mezani kwake. Mwanafunzi wa uzamili anaandika kuhusu kata moja ya Pwani yenye watu wazima 12,000. Tatizo lake analitamka hivi: pamoja na vyandarua kugawiwa kliniki na shuleni, malaria bado ni tishio kwa watoto wa kata hii, hivyo utafiti utachunguza athari za elimu ya afya katika matumizi ya vyandarua. Kwenye usanifu ameandika kwamba atatumia usanifu wa kimaelezo. Sampuli ni watu 387, iliyopatikana kwa kanuni ya Yamane. Data itakusanywa mara moja, kwa dodoso.

Kila kipande kikisomwa peke yake hakina ubaya. Ukivisoma pamoja unaona havizungumzi. Kichwa kinaahidi athari, yaani sababu na matokeo yake. Njia iliyochaguliwa inaweza kuonyesha hali ilivyo siku ya kuuliza, basi. Na tatizo lenyewe, malaria kuendelea licha ya vyandarua, limerukia elimu bila kuonyesha kwamba ukosefu wa elimu ndio unaowazuia watu kulala ndani ya vyandarua. Yamkini wanajua yote na vyandarua havitoshi. Yamkini wanavyo vya kutosha na kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyewauliza.

Dawa ninayoipendekeza kwa pendekezo la namna hii ni rahisi. Kabla ya kuandika neno lolote kwenye sehemu ya usanifu, chukua karatasi uchore jedwali la matokeo likiwa tupu, lile unalotarajia kulijaza siku ya mwisho. Ukishindwa kuchora hata vichwa vya safu zake, kwa kuwa hujui watu watajibu nini, tatizo lako ni la kichunguzi. Ukiweza kuchora safu za makundi ya watu na nafasi ya asilimia mbele ya kila kundi, tatizo ni la kimaelezo. Na jibu lako likihitaji safu mbili za watu wanaofanana kwa kila hali isipokuwa moja, waliopata kitu fulani na wasiokipata, basi upo kwenye kisababishi, na lazima ueleze hao watu wanaofanana utawatoa wapi. Mwanafunzi wetu anahitaji jedwali la aina ya tatu, na ana dodoso la aina ya pili.

Tuanze na lile jedwali lisilochoreka. Tuseme mwanafunzi anaongea na mganga mfawidhi wa zahanati, naye anamwambia kwamba kuna kaya zimepewa vyandarua na watu hawalali ndani yake, wala haijulikani kwa nini. Hapo tatizo limebadilika. Akienda na dodoso lenye visanduku vya kuchagua, joto, kuwashwa na dawa, chandarua kimechanika, sijui umuhimu wake, atapata asilimia za mambo aliyoyawaza mwenyewe akiwa chuoni. Jambo asiloliwaza halina kisanduku. Kwenye vijiji vya wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, watafiti walivikuta vyandarua vimetandazwa ufukweni vikianikiwa omena, vingine vikivulia samaki, na waliichapisha taarifa hiyo mwaka 2008. Dodoso la kliniki lisingekuwa na kisanduku cha omena. Iliwabidi wafike ufukweni ndipo waone.

Usanifu wa kichunguzi kwa kata yetu ungekuwa mdogo kwa idadi na mzito kwa muda. Mtafiti angechagua kwa makusudi watu wanaotofautiana: mama mwenye watoto watatu kitanda kimoja, kijana anayelala sebuleni, mvuvi anayerudi alfajiri, bibi anayelea wajukuu, mlinzi wa usiku. Angefanya usaili wa kina, labda wa watu 20 hadi 30, akiwa na mwongozo wa maswali machache yaliyo wazi, na angeomba aonyeshwe mahali pa kulala. Hilo la kuonyeshwa lina maana kubwa. Mtu anaweza kukueleza kwa nusu saa juu ya joto, ukaingia chumbani ukakuta hakuna pa kufungia kamba, kwa kuwa dari ni ya makuti na kuta ni za udongo. Usaili unasimama pale maelezo yanapoanza kujirudia, na mtafiti anapaswa kuandika tangu mwanzo atajuaje kwamba yamejirudia, kwa mfano usaili mitatu mfululizo bila sababu mpya.

Hapa kanuni ya Yamane haina kazi. Naisema wazi kwa sababu nimeona mapendekezo ya utafiti wa kichunguzi yakilazimishwa kuwa na watu mia tatu na themanini na kitu, eti ili yaonekane ya kisayansi. Mtafiti akishabeba mzigo huo hana tena saa ya kukaa na mtu mmoja, na mahojiano yote yanageuka dodoso la harakaharaka. Kasoro ya upande wa pili nayo ipo: kumaliza usaili wa watu 25, kisha kuandika kwamba asilimia 60 ya wananchi wanasumbuliwa na joto. Watu 15 kati ya 25 uliowachagua kwa makusudi hawawezi kuwa asilimia ya kata. Kazi yao ni kukuambia kwamba joto ni sababu, linasumbua vipi na linamsumbua nani zaidi. Ni wangapi wanaosumbuliwa, hilo ni swali la usanifu mwingine.

Usanifu huo mwingine ndio wa kimaelezo, na watu wengi huudharau kana kwamba ni utafiti wa wasioweza zaidi. Mimi nauheshimu sana, kwa kuwa kuhesabu vizuri ni kazi ngumu. Chukua neno matumizi. Ukimuuliza mtu, je, unatumia chandarua, atasema ndiyo. Nani atakubali mbele ya mgeni mwenye kitambulisho kwamba hakitumii? Ndiyo maana tafiti kubwa za kitaifa za afya haziulizi hivyo. Zinaorodhesha kila chandarua kilichomo ndani ya nyumba, kisha kwa kila kimoja zinauliza ni nani walilala ndani yake usiku wa kuamkia siku ya mahojiano. Usiku mmoja, watu wanaotajwa kwa majina, kitu kinachoonekana kwa macho. Nafasi ya kujipendekeza inapungua.

Baada ya hapo linakuja suala la kugawanya kwa nini, na hapa ndipo tatizo la mwanafunzi wetu linaweza kupinduka. Nipige hesabu kwa namba za mfano. Kaya 100 zina watu 500, na vyandarua 150 vilivyogawanyika sawasawa. Kipimo kinachotumika kimataifa ni chandarua kimoja kwa watu wawili, kwa hiyo vyandarua hivyo vinaweza kuwafunika watu 300. Usiku uliopita walilala ndani yake watu 240. Ukigawanya 240 kwa watu wote 500, unapata asilimia 48, na unaweza kuandika kwa masikitiko kwamba zaidi ya nusu ya wananchi hawatumii vyandarua na wanahitaji elimu. Ukigawanya 240 kwa wale 300 wenye nafasi ya kulala ndani ya chandarua, unapata asilimia 80. Wanne kati ya watano wenye nafasi hiyo wanaitumia! Watu 200 wanakosa kwa sababu vyandarua havipo. 60 tu ndio wenye nafasi wasioitumia. Kata ya namna hiyo ikiletewa mabango na mikutano ya kuhamasisha, itakuwa imeletewa kitu ambacho haikukikosa.

Kwa swali hili ndipo ile sampuli ya watu 387 inapata maana yake. Yamane anachukua idadi ya watu, 12,000, anaigawanya kwa moja kujumlisha 12,000 mara mraba wa kosa linalokubalika, 0.05. Yaani 12,000 kugawanya kwa 31, jibu ni 387. Namba hiyo inakuambia kwamba ukikadiria asilimia fulani, makadirio yako yatakuwa ndani ya pointi tano juu au chini, mara 95 kati ya 100, iwapo kila mtu wa kata alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Sharti hilo la mwisho halina budi kutimizwa. Mtafiti akichagua vijiji vichache kwanza, kisha kaya ndani ya kila kijiji, jambo linalofanyika mara nyingi ili kuokoa nauli, watu wa kijiji kimoja watakuwa wanafanana kuliko watu waliotawanyika kata nzima. Kila mmoja anaongeza habari kidogo, na ni kawaida kuongeza sampuli hadi karibu mara mbili kufidia hasara hiyo. Akichagua wale aliowakuta nyumbani saa nne asubuhi, hakuna kanuni itakayomsaidia, kwa kuwa wavuvi, wakulima na wachuuzi wote watakuwa wameshatoka.

Msimu nao huamua. Wakati wa masika mbu wanasumbua na watu wanashusha vyandarua. Kiangazi kikikolea wengi wanavikunja. Utafiti wa kimaelezo ambao hausemi data ilikusanywa mwezi gani haujaeleza kitu.

Sasa tuje kwenye kosa linaloharibu mapendekezo mengi kuliko mengine yote. Mwanafunzi amekusanya dodoso zake 387. Anaona kati ya waliohudhuria mikutano ya elimu ya afya, asilimia 70 walilala ndani ya chandarua. Kati ya wasiohudhuria, asilimia 50. Kompyuta inampa alama kwamba tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Anaandika kwamba elimu imeongeza matumizi kwa pointi 20. Lakini waliohudhuria ni akina nani? Mara nyingi ni wanaokaa karibu na zahanati, wenye mtoto mdogo, wanaojali afya tangu zamani, wenye nafasi ya kuacha shughuli wakaenda kusikiliza. Watu hao huenda wangelala ndani ya chandarua hata mkutano usingefanyika. Elimu inaweza kuwa imesaidia sana, kidogo, au haikusaidia kabisa. Jedwali hilo haliwezi kutofautisha.

Mtego huohuo unaweza kukupeleka upande wa pili ukapata jibu la ajabu zaidi. Kwenye mitaa iliyo karibu na mabwawa mbu ni wengi, kwa hiyo watu wanapenda vyandarua na malaria pia iko juu. Mtaani juu mlimani mbu ni wachache, vyandarua havishushwi, na malaria ni adimu. Ukiweka mitaa yote kwenye jedwali moja bila kuangalia walipokaa, utaona wenye vyandarua ndio wanaougua zaidi. Hakuna atakayeamini kwamba chandarua kinaleta malaria. Ila jedwali linapokubaliana na tulichotaka kusikia, kama lile la elimu, tunalipokea bila kulihoji.

Ili kusema elimu imeleta, lazima uwe na watu wasioipata ambao vinginevyo wanafanana na walioipata. Njia safi ya kuwapata ni bahati nasibu. Mfano ninaoupenda unatoka magharibi mwa Kenya. Miaka ya 2000 kulikuwa na ubishi mkali kama vyandarua vitolewe bure au viuzwe kwa bei ya chini. Waliotaka viuzwe walitoa hoja iliyowaingia watu wengi: kitu cha bure hakithaminiwi, mtu akilipa hata kidogo atakitumia. Hiyo ni hoja ya kisababishi, kulipa kunaleta kutumia. Kuwahesabu walionunua na waliopewa kusingetosha, maana anayenunua ana fedha na ana haja kuliko mwenzake.

Jessica Cohen na Pascaline Dupas walichukua kliniki 20 za wajawazito. Kwa bahati nasibu, kliniki 16 zikawa na vyandarua kwa bei nne tofauti, kuanzia bure hadi shilingi 40 za Kenya, na nne zikabaki za kulinganisha. Mjamzito hakuchagua bei. Alikuta bei iliyoiangukia kliniki yake. Kisha watafiti walikwenda majumbani kuona kama chandarua kimetundikwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalikuwa wazi: bei ikipanda kutoka bure hadi shilingi 40, waliochukua vyandarua walipungua kwa asilimia 60. Na waliolipa hawakuonekana kuvitumia zaidi ya waliopewa bure. Hoja iliyorudiwa miaka mingi katika mikutano ilikosa ushahidi pale ilipopimwa kwa usanifu unaolingana nayo.

Angalia hapo kilichopangiwa bahati nasibu ni kliniki. Kama wajawazito wawili kwenye benchi moja wangeuziwa bei tofauti, ungezuka ugomvi, na aliyenyimwa bure angemtuma shoga yake. Elimu ya mikutano ina shida hiyohiyo, tena zaidi, kwa kuwa maneno hayana mipaka. Jirani anamsimulia jirani. Kwa hiyo mwanafunzi wetu angelazimika kugawa vijiji, na hapo hesabu inakuwa kubwa ghafla. Tuseme matumizi ya sasa ni asilimia 45 na anatarajia elimu iyapandishe hadi 60. Kwa viwango vya kawaida vya uhakika anahitaji watu 170 kila upande, kama wangechaguliwa mmoja mmoja. Wakichaguliwa 20 kwa kila kijiji, na watu wa kijiji kimoja wakifanana kwa kiasi cha wastani, 170 inapanda hadi watu 332, yaani vijiji 17 vyenye elimu na 17 visivyo nayo. Kata moja haina vijiji 34. Wanaoandika kwamba watalinganisha kijiji kimoja chenye mradi na kimoja kisicho na mradi, hata wakihoji watu 1,000 kila upande, wana vitu viwili tu wanavyovilinganisha. Chochote kinachovitofautisha vijiji hivyo, kisima, barabara, mwenyekiti mwenye bidii, kitajificha ndani ya jibu.

Kuna mipaka ya maadili pia. Jaribio lililofanywa Kilifi kati ya mwaka 1993 na 1995 liliyagawa maeneo kwa bahati nasibu, mengine yakapata vyandarua vyenye dawa na mengine hayakupata, na vifo vya watoto vikapungua kwa asilimia 33. Lilikuwa jaribio halali kwa sababu wakati ule haikuwa imethibitishwa kiasi hicho. Leo hakuna kamati ya maadili itakayokubali kundi la watoto waachwe bila chandarua ili walinganishwe. Swali linabidi libadilike. Wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, kuanzia mwaka 2019, watafiti waliyagawa maeneo 84 kwa bahati nasibu na kila eneo likapata aina mojawapo kati ya nne za vyandarua vyenye dawa. Hakuna aliyekosa. Baada ya miezi 24, kwenye maeneo ya vyandarua vya kawaida watoto wenye vimelea vya malaria walikuwa asilimia 45.8, kwenye maeneo ya vyandarua vilivyoongezwa dawa ya klofenapiri walikuwa asilimia 25.6. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza vyandarua vya aina hiyo. Tofauti ya pointi 20 kama ile ya mwanafunzi na mikutano yake, lakini hii inabeba hukumu, maana hakuna mzazi wa Misungwi aliyejichagulia eneo.

Pale rasilimali zinapokuwa chache, bahati nasibu inaweza kuingia kwa njia ya zamu. Halmashauri ikiwa na wahudumu wa kufikia nusu ya vijiji mwaka huu na nusu mwaka ujao, kura ipange nani anaanza. Wanaosubiri ndio walinganishi, na mwaka ujao wanapata. Kama elimu ilishatolewa kata nzima miaka miwili iliyopita, nafasi hiyo imepita. Mtafiti anaweza kuandika juu ya uhusiano kati ya kuhudhuria na kutumia, na neno athari linapaswa kutoka kwenye kichwa, kwenye malengo na kwenye hitimisho.

Najua kwa nini neno hilo linapendwa. Athari lina uzito, linampendeza mfadhili, na wasimamizi wengine hulidai kwa kuwa maelezo matupu yanaonekana hayatoshi kwa shahada. Naona wanawakosea wanafunzi. Pendekezo la kimaelezo linalopima kitu kinachojulikana, kwa watu waliochaguliwa sawasawa, katika mwezi uliotajwa, humwachia mganga mkuu wa wilaya namba anayoweza kuitumia kuomba vyandarua. La kisababishi lisilo na walinganishi humwachia sentensi asiyoweza kuitetea.

Kwa kata yetu, ningemwomba mwanafunzi alitamke upya tatizo lake hivi: zahanati inaripoti watoto wenye malaria ingawa vyandarua vimegawiwa, na haijulikani kama watu hawana vyandarua vya kutosha au wanavyo na hawavitumii, wala sababu za wasiovitumia. Tatizo likiandikwa hivyo linajitengenezea malengo mahususi mawili. La kwanza ni la kimaelezo: kukadiria, mwishoni mwa masika, asilimia ya watu wenye nafasi ya kulala ndani ya chandarua na asilimia ya wanaoitumia, kwa umri na kwa kijiji. La pili ni la kichunguzi: kueleza kwa nini wenye nafasi hiyo hawaitumii.

Mpangilio unafuata malengo. Mwezi Mei wahojaji wanapita kwenye kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka daftari la wakazi, jioni, baada ya watu kurudi, wakiorodhesha kila chandarua na waliolala ndani yake. Kaya isiyokutwa inarudiwa siku nyingine, haibadilishwi na ya jirani. Kutokana na orodha hiyo mtafiti anatoa kaya zilizokuwa na chandarua kilichobaki kimekunjwa, anachagua humo watu wa hali tofauti, na Juni anarudi kwao bila dodoso, na mwongozo wa maswali matano, ombi la kuonyeshwa chumba, na saa nzima ya kusikiliza. Kwenye sehemu ya mipaka ya utafiti anaandika kwamba kazi hii haitapima kama elimu inabadilisha matumizi. Kama orodha ya Mei itaonyesha wenye vyandarua visivyotumika ni wengi, na usaili wa Juni ukaonyesha wanakosa kujua jambo fulani, basi halmashauri itakuwa na sababu ya kupanga vijiji 34 kwa kura.